Muhtasari wa utendaji: funga ripoti kwanza, ndipo uandike

Ripoti imekwisha. Kurasa 62, viambatisho tisa, majedwali yamepangwa, picha zimewekwa, na keshokutwa bodi inakaa. Kilichobaki, anasema mkurugenzi, ni "muhtasari kidogo tu wa kuweka mbele." Hapo ndipo wengi wetu hufungua ripoti upande mmoja wa skrini na ukurasa mtupu upande wa pili, tukaanza kunyofoa: sentensi mbili kutoka utangulizi, tatu kutoka sura ya matokeo, aya nzima kutoka hitimisho. Baada ya saa moja tuna kurasa mbili zenye sentensi safi ambazo hazizungumzi zenyewe kwa zenyewe.

Niliwahi kupeleka muhtasari wa namna hiyo mbele ya bodi. Mwenyekiti alisoma aya ya kwanza, akavua miwani, akaniuliza: "Ndugu, 'hali hii' unayoisema hapa ni hali gani?" Nikatazama. Katika ripoti, sentensi iliyotangulia ndiyo iliyoieleza hali yenyewe, nami sikuihamisha.

Kwanza tuelewane kuhusu jina, maana neno muhtasari lina kazi nyingi. Kuna muhtasari wa kikao, ambao ni kumbukumbu za waliohudhuria na waliyoazimia. Kuna muhtasari wa somo, anaoujua kila mwalimu. Kuna pia ikisiri, ile aya moja mbele ya tasnifu inayomwambia msomi utafiti umefanya nini. Tunaousema hapa ni muhtasari wa utendaji: kurasa moja au mbili anazosoma mtu mwenye mamlaka ya kuamua, ambaye huenda asifungue ripoti kabisa, kisha akaweka saini. Ikisiri inaeleza kilichofanyika. Muhtasari wa utendaji unaeleza kinachotakiwa kuamuliwa na kwa nini.

Mfano nitakaoutumia ni wa kubuni. Nimeutunga, pamoja na tarakimu zake zote, ili tuweze kuufungua na kuufunga bila kumsema mtu. Shirika dogo linasaidia vijiji 21 kupata maji. Limetenga shilingi milioni 180 kwa ajili ya kuchimba visima kumi vipya vya pampu ya mkono. Kabla ya kuchimba, limefanya tathmini ya visima 48 vilivyopo. Ripoti ya tathmini hiyo ndiyo ile ya kurasa 62.

Hatua ya kwanza: andika swali la uamuzi

Chukua karatasi, andika vitu vitatu juu yake. Nani atasoma? Anatakiwa kuamua nini? Anajua nini tayari?

Kwa mfano wetu: watasoma wajumbe saba wa bodi, wengine hawajawahi kufika katika vijiji hivyo. Wanatakiwa kuamua iwapo milioni 180 zichimbe visima kumi kama ilivyopangwa, au zitumike vinginevyo. Wanajua kwamba fedha ipo na kwamba vijiji vina shida ya maji. Hawajui pampu inaharibikaje, wala hawana haja ya kujua majina ya sehemu zake.

Swali la katikati ndilo lenye uzito. Likikushinda kuliandika kwa sentensi moja, usiendelee. Nenda kwa aliyekutuma ukamuulize, "Bodi inakaa kuamua nini hasa?" Mara nyingi utagundua kwamba naye alikuwa hajajiuliza, na dakika tano za mazungumzo hayo zitakuokolea nusu siku. Muhtasari usio na swali la uamuzi huishia kuwa orodha ya sura: sura ya kwanza inazungumzia hiki, sura ya pili inazungumzia kile. Hiyo ni yaliyomo iliyoandikwa kwa aya.

Hatua ya pili: soma kutoka mwisho, ukiwa na karatasi mbili

Anza na hitimisho na mapendekezo. Ukishajua ripoti imefika wapi, rudi kwenye matokeo ukatafute nguzo zinazobeba hitimisho hilo. Sura ya mbinu ipitie haraka, ukitafuta kitu kimoja tu: kuna udhaifu gani katika namna taarifa zilivyokusanywa ambao unaweza kugeuza uamuzi?

Karatasi ya kwanza ni ya hoja. Kanuni yake ni moja: usiandike sentensi kamili. Andika kama mtu anayeandika orodha ya sokoni. Ukiandika sentensi, mkono utaandika ile iliyo mbele ya macho, na ndiyo utakayoikuta kesho kwenye rasimu ukidhani ni yako. Karatasi yangu ya mfano huu ingekuwa hivi:

- 19 kati ya 48, hakuna maji
- 13 vipuri, 4 kukauka, 2 chumvi
- kamati zinazochanga / zisizochanga: tofauti kubwa
- ukaguzi Aprili, masika!
- matengenezo nafuu mno kuliko kuchimba

Mistari mitano kutoka kurasa 62. Ukiona ya kwako ina mistari thelathini, bado hujachagua.

Karatasi ya pili ni ya tarakimu. Kila tarakimu unayodhani itaingia kwenye muhtasari iandike pamoja na kipimo chake, jumla ilikotoka, na ukurasa ulikoitoa. Usiandike "asilimia 40" peke yake, andika "19 kati ya 48, uk. 23". Asilimia bila jumla yake ni kama bei bila kusema ni ya kilo au ya gunia.

Karatasi hii ina faida nyingine ambayo wengi hawaitarajii. Muhtasari ndio mara ya kwanza mtu mmoja kuziweka tarakimu za sura zote kwenye ukurasa mmoja, kwa hiyo ndipo migongano hujitokeza. Tuseme sura ya tatu inasema visima vilivyokaguliwa ni 46, na jedwali la kiambatisho linasema 48. Unafuatilia, unakuta visima viwili vilikaguliwa wiki moja baadaye kwa sababu barabara ilikatika kwa mvua, jedwali likasahihishwa na sura ikasahaulika. Isahihishe ripoti yenyewe. Usichague tarakimu inayokupendeza ukaiweka kwenye muhtasari ukaenda zako, maana mjumbe mmoja wa bodi, yule yule anayesoma kila kitu, ataziona zote mbili, na kuanzia hapo hataamini hata moja.

Hatua ya tatu: funga ripoti, usimulie

Sasa ifunge. Ikiwa ni ya karatasi, iweke kabatini. Ikiwa ni faili, lifunge kabisa, usiliache limejificha nyuma ya dirisha jingine. Ukiweza, lala usiku mmoja.

Kisha tafuta mtu asiyehusika na kazi hiyo, umwambie kwa dakika mbili ripoti imekuta nini na bodi ifanye nini. Ukikosa mtu, jirekodi kwenye simu. Hatua hii wengi huiruka kwa kuona haya, lakini kwangu ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko zote. Mtu hasimulii kwa sentensi za ripoti. Hakuna anayemwambia jirani yake "ilibainika kwamba kuna changamoto ya upatikanaji wa vipuri." Atasema: "Visima karibu ishirini vimesimama, na vingi vimesimama kwa kukosa kifaa cha bei ndogo tu." Hiyo tayari ni nusu ya sentensi yako ya kwanza.

Sikiliza pia pale msikilizaji wako anapokukatiza. Akiuliza, "Kwani kutengeneza ni shilingi ngapi?" ujue bodi nayo itauliza hapo hapo, na jibu linatakiwa kuwa katika aya ya kwanza, si ya nne.

Andika rasimu kutokana na usimulizi huo, ukiwa na zile karatasi mbili tu mezani. Ukikwama, kwama. Acha nafasi, weka alama, endelea. Kuifungua ripoti ili "kuangalia ilivyosemwa" ndiyo njia ambayo sentensi zake hurudia kuingia.

Kwa nini sentensi ya ripoti haihamishiki

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu hudhani kutonakili ni suala la adabu tu. Ripoti ni yako mwenyewe, au ya ofisi yako, utamwibia nani? Tatizo si wizi. Sentensi iliyoandikwa katikati ya ripoti imeegemea majirani zake, na ukiing'oa inaanguka.

Tazama hii, ambayo ungeweza kuikuta ukurasa wa 23:

"Kama Jedwali la 7 linavyoonesha, vilivyosalia, ambavyo ni asilimia 39.6, vilibainika kutofanya kazi wakati wa zoezi hili kutokana na sababu zilizoainishwa hapo juu."

Katika ripoti sentensi hiyo inaeleweka. Ihamishe, uone. Jedwali la 7 halipo kwenye muhtasari. "Hapo juu" hakuna kitu. "Zoezi hili" halijatajwa. Na "vilivyosalia" ni nini? Kiswahili hutuachia kiambishi badala ya jina, na hiyo ni raha ya lugha yetu, lakini jina likibaki nyuma kiambishi kinatangatanga. Ripoti hii imejaa majina ya vi-: visima, vijiji, vipuri, viambatisho. Msomaji wa muhtasari anaweza kabisa kuelewa kwamba asilimia 39.6 ya vijiji havina maji, jambo ambalo ripoti haikulisema na si kweli, kwa kuwa kijiji kimoja kinaweza kuwa na visima vitatu, kimoja kikiwa kimesimama.

Sasa iandike upya, si kutoka kwenye sentensi ile bali kutoka kwenye karatasi ya tarakimu: "Kati ya visima 48 vilivyokaguliwa, 19 havitoi maji." Maneno manane. Hakuna kilichopotea ambacho bodi inakihitaji, na jina limesimama pamoja na kiambishi chake.

Kuna unakili wa aina ya pili, nao ni wa kujidanganya. Ripoti inasema:

"Ilibainika kuwa kukosekana kwa makusanyo ya michango kuna uhusiano na kusimama kwa pampu."

Mwandishi anajua hatakiwi kunakili, kwa hiyo anaandika:

"Iligundulika kwamba kutokuwepo kwa ukusanyaji wa michango kunahusiana na kuacha kufanya kazi kwa pampu."

Hiyo ni sentensi ile ile iliyobadilishwa shati. Mifupa haijaguswa, na kwa kweli imezidi kuwa nzito. Kuandika upya hasa ni kurudi kwenye jambo lenyewe na kuuliza: kilichoonekana huko vijijini ni nini? Karatasi ya tarakimu inajibu. Kila kisima kina kamati yake. Kamati 17 huchangisha kila mwezi, na visima 15 vya kamati hizo vinatoa maji. Kamati 31 hazichangishi, au huchangisha pampu ikishaharibika. Visima vyao vinavyotoa maji ni 14. Ukiziweka tarakimu hizo sambamba, msomaji anaiona tofauti mwenyewe: 15 kati ya 17, dhidi ya 14 kati ya 31. Neno "uhusiano" halihitajiki tena.

Ila hapo pana mtego. Ukishaondoa neno la ripoti, usiweke la kwako lenye nguvu zaidi. Ripoti ilisema "uhusiano" kwa makusudi. Huenda kamati hazichangishi ndiyo maana pampu zimekufa. Huenda pia pampu zilikufa kwanza, watu wakakataa kuchangia bomba lisilotoa maji. Ukaguzi wa mara moja hauwezi kutofautisha. Ukiandika "kutochanga ndiko kunakoua pampu", umeandika Kiswahili kitamu na umeipa ripoti maneno isiyoyasema. Kila kitenzi chenye nguvu kwenye rasimu yako kilinganishe na kilichopo kwenye ripoti: "huenda" isigeuke "ni", wala "baadhi" isigeuke "wengi".

Na yapo maneno ambayo hutakiwi kuyabadilisha kabisa. Majina ya watu, mahali na taasisi. Istilahi zenye maana ya kisheria au ya kihasibu: mkaguzi wa hesabu akitoa "hati yenye shaka", usimwandikie bodi kwamba hesabu "zina kasoro kidogo". Pia jina la kitu kikuu cha ripoti. Shuleni tulifundishwa kuwa kurudiarudia neno ni umaskini wa lugha, kwa hiyo mwandishi anaanza na "visima", aya ya pili vinakuwa "vituo vya maji", ya tatu "miundombinu". Mjumbe wa bodi atadhani ni vitu vitatu. Sema visima mpaka mwisho.

Neno moja kwa wanaopokea ripoti iliyoandikwa kwa Kiingereza na kutakiwa kutoa muhtasari wa Kiswahili kwa ajili ya kamati au baraza. Mnaweza kudhani mmesalimika, maana lugha imebadilika. Kutafsiri sentensi moja baada ya nyingine ni kunakili vilevile: jedwali lisiloonekana na "hapo juu" isiyo na juu vinavuka mpaka wa lugha bila pasipoti. Karatasi mbili, kufunga, kusimulia. Dawa ni ile ile.

Hatua ya nne: panga kwa mpangilio wa mwenye kuamua

Ripoti hufuata njia ya mtafiti: utangulizi, mbinu, matokeo, mjadala, hitimisho. Muhtasari hufuata njia ya anayeuliza. Anauliza kwanza: jibu ni nini? Halafu: kwa nini? Halafu: itagharimu kiasi gani, na lini? Mwisho: kuna shaka gani? Mbinu hupata sentensi moja, labda mbili, zikiwa zimeingizwa katikati.

Kwa tarakimu kubwa, punguza. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Katika ripoti ya sensa kila tarakimu ina kazi yake, katika muhtasari wa mpango fulani, "milioni 61.7" inatosha na inakumbukika. Tarakimu ndogo ziache nzima. Kisima kimoja kati ya 48 kina watu wake.

Mapendekezo nayo yachujwe. Ripoti yetu ina 14. Ukiyaweka yote, bodi itajadili la kumi na moja, kuhusu rangi ya uzio, kwa dakika arobaini. Chukua yale yanayojibu swali la uamuzi tu, kisha sema wazi kwamba mengine ni ya menejimenti na yamo ndani ya ripoti.

Rasimu yangu ingekuwa hivi:

"Bodi inashauriwa kutochimba visima vipya kwa sasa, na badala yake kutengeneza visima 13 vilivyosimama kwa kukosa vipuri. Kazi hiyo itagharimu shilingi milioni 18.2 kati ya milioni 180 zilizotengwa, na inaweza kumalizika kabla ya mwisho wa Agosti. Uamuzi wa kuchimba usubiri ukaguzi wa kiangazi, mwezi Septemba.

Aprili mwaka huu shirika lilikagua visima vyote 48 vya pampu ya mkono katika vijiji 21. Visima 29 vinatoa maji na 19 havitoi. Kati ya hivyo 19, visima 13 vina maji chini ila pampu zake zimeharibika, vinne vimekauka, viwili vina maji ya chumvi na wananchi wameviacha. Kutengeneza pampu moja kunagharimu wastani wa shilingi milioni 1.4. Kuchimba kisima kimoja kipya na kukiwekea pampu kunagharimu milioni 18.

Matengenezo peke yake hayatoshi. Kamati 17 za maji huchangisha kila mwezi, na visima vyao 15 vinafanya kazi. Katika kamati 31 zisizo na mchango wa kila mwezi, visima vinavyofanya kazi ni 14. Haijathibitika kwamba mchango ndio sababu, lakini tofauti ni kubwa kiasi kwamba tunashauri pampu itengenezwe pale tu kamati itakapokuwa imefungua akaunti na kukusanya mchango wa miezi miwili.

Ukaguzi ulifanyika wakati wa masika, maji ya ardhini yakiwa juu. Visima vinavyokauka huenda vikawa zaidi ya vinne ifikapo kiangazi. Kwa sababu hiyo haijulikani bado ni kijiji gani kinahitaji kisima kipya, na ndiyo maana fedha iliyobaki, shilingi milioni 161.8, inashauriwa ibaki bila kugawiwa hadi Septemba. Mapendekezo mengine yaliyomo kwenye ripoti yako ndani ya mamlaka ya menejimenti."

Ni nusu ukurasa na kidogo. Angalia mahali pa tarehe ya ukaguzi: haikuwekwa kwa sababu ripoti ina sehemu ya "mapungufu ya utafiti". Imewekwa kwa sababu inabadilisha uamuzi. Ripoti hiyo ingeweza kutaja pia kwamba mahojiano mawili yalikatizwa na mvua, na kwamba kipimo kimoja cha maji kilichelewa maabara. Hayo hayamgeuzi mjumbe kutoka ndiyo kwenda hapana, kwa hiyo yamebaki ndani. Hicho ndicho kipimo cha kila tahadhari: ikiondolewa, je, kuna mtu atakayeamua tofauti?

Angalia tena tarakimu 161.8. Haimo kwenye ripoti. Nimeitoa mimi kwa kutoa 18.2 kwenye 180. Inaruhusiwa, mradi ni hesabu ya moja kwa moja na iwe imeandikwa kwenye karatasi ya tarakimu jinsi ilivyopatikana. Kisichoruhusiwa ni hoja mpya. Ukijikuta unaandika sababu ambayo ripoti haina, hata kama ni ya kweli na unaijua kutokana na uzoefu wako, irudishe kwenye ripoti kwanza au iache.

Kuhusu urefu, wengine husema asilimia kumi ya ripoti. Kwa ripoti ya kurasa 20 sawa. Ikizidi hapo kanuni hiyo inaharibika. Ripoti ya Chilcot kuhusu Uingereza na vita vya Iraki, iliyotoka mwaka 2016, ina juzuu 12, na muhtasari wake peke yake unakaribia kurasa 150. Kwa uchunguzi wa kiwango hicho pengine hapakuwa na njia nyingine, lakini bodi yako haina muda huo. Ukurasa mmoja hadi miwili kwa ripoti ya chini ya kurasa mia. Mitatu au minne ikizidi hapo.

Hatua ya tano: upime

Sasa fungua ripoti tena, kwa mara ya kwanza tangu uifunge. Chukua kalamu ya rangi, pitia kila tarakimu kwenye rasimu, uiwekee alama baada ya kuiona kwenye ukurasa ulioandika. Jumlisha zinazotakiwa kujumlishika: 13 na 4 na 2 ni 19, 15 na 14 ni 29, 29 na 19 ni 48, 13 mara 1.4 ni 18.2. Ni kazi ya dakika kumi.

Halafu tafuta viunganishi vilivyopotea njia. Kwenye faili la muhtasari bonyeza `Ctrl + F`, utafute haya moja moja: "hapo juu", "hali hii", "zoezi hili", "Jedwali", "husika", "tajwa". Mawili ya mwisho ni magonjwa ya ofisini: "kijiji husika", "kamati tajwa". Kila ukiliona, jiulize limetajwa wapi. Kama halikutajwa kwenye muhtasari huu, andika jina kamili. Vifupisho navyo hivyo hivyo. Kirefu chake kiwe humu humu, siyo kwenye orodha ya vifupisho iliyo ukurasa wa tano wa ripoti.

Kupima unakili, chagua sentensi zinazokuvutia zaidi kwenye rasimu, zile unazoona zimenyooka mno. Chukua maneno matano yanayofuatana kutoka kila moja, uyatafute kwenye faili la ripoti. Yakipatikana, na si jina wala istilahi, irudie sentensi hiyo kwa kuisimulia upya kwa mdomo. Usibadilishe neno mojamoja. Utarudi kwenye lile shati.

Mwisho mpe mtu ambaye hajaisoma ripoti. Mpe karatasi bila maelezo, umnyang'anye baada ya dakika tatu, kisha muulize: tunaombwa kuamua nini, kwa nini, na kwa shilingi ngapi? Akijibu yote matatu, imesimama. Akisema "inahusu maji vijijini", rudi kwenye aya ya kwanza, maana tatizo karibu daima liko hapo. Na akikuuliza swali usilolitarajia, mathalani, "Sasa wale wenye maji ya chumvi mnawaachaje?", usikimbilie kuongeza aya. Angalia kwanza kama ripoti ina jibu. Ikiwa nalo, sentensi moja inatosha. Ikiwa haina, mwambie mkurugenzi kabla ya kikao, kwa sababu swali hilo litaulizwa.

Ukishakabidhi, hifadhi zile karatasi mbili pamoja na faili. Ripoti zina tabia ya kurekebishwa usiku wa kuamkia kikao, na mtu akibadilisha 48 kuwa 49 kwenye ukurasa wa 23, karatasi ya tarakimu ndiyo itakayokuonesha ni sentensi zipi za muhtasari zinazopaswa kubadilika nayo.